Aya ndefu kuwa mstari mmoja wa skrini

"Nataka aya hii iwe mstari mmoja wa mandhari ya simu: 'Kila nikiamka najiambia safari ni ndefu na wengine wamenitangulia, lakini sitajilinganisha na mtu. Nitafanya kidogo ninachoweza leo, na kesho nitaongeza kidogo tena, mpaka nifike.' Nikate wapi?"

Ndugu, usianze kwa kupunguza neno moja moja. Tafuta kwanza kitendo. Sentensi yako ya kwanza yote ni maelezo ya kwa nini, na hayo unayajua tayari, kwa hiyo yaondoke. Hata "sitajilinganisha" liende, maana kila ukiwasha simu litakukumbusha walewale unaotaka kuwasahau.

Ukiacha na "mpaka nifike", inabaki: "Nitafanya kidogo ninachoweza leo, na kesho nitaongeza kidogo tena." Kuongeza tayari kuna "tena" ndani yake, na "kidogo" mara moja inatosha. Sasa hesabu herufi, si maneno. Kiswahili hubana sentensi nzima ndani ya neno moja: "ninachoweza" lina herufi 11, na kwenye skrini nyembamba litalazimisha maandishi yawe madogo.

Mimi ningeandika:

Fanya kidogo leo, ongeza kesho.

Ukiona amri inakukera, weka "Leo nafanya kidogo, kesho naongeza." Ni ndefu zaidi, ila ni sauti yako. Mstari ukigawanyika, uvunje kwenye mkato tu. Uweke chini ya saa, kisha funga simu na uusome ukiwa umenyoosha mkono. Ukikunja macho, kuza herufi.