Gharama ya operesheni ya mama: je, sehemu ya ndugu asiye na kazi ni deni?

Swali: Assalamu alaykum, sheikh. Tumezaliwa wawili. Mama yetu alifanyiwa operesheni ya uvimbe, gharama yote ikafika shilingi 2,600,000. Mdogo wangu alikuwa ameachishwa kazi hotelini miezi 3 nyuma, naye ana mke na mtoto mdogo. Nilipompigia alisema, "Lipa kaka, tutaona mbele." Nikalipa zote, na nusu yake nikaiandika kwenye daftari kuwa deni. Baadaye nikajua kuwa siku ile alikuwa na laki 3 kwenye simu. Mama hana mali ila nyumba anayoishi. Je, nina haki ya kumdai 1,300,000?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, mzazi asiye na kitu ana haki ya kutunzwa na wanawe, na wanazuoni wamezitaja waziwazi ujira wa tabibu na bei ya dawa kuwa ni katika matunzo hayo, sawa na chakula na mavazi. Watoto wakiwa wawili na wote wanaweza, hugawana nusu kwa nusu, hata kama mmoja ni tajiri kuliko mwenziwe. Kwa hiyo hesabu yako ya nusu ina asili. Kasoro iko katika neno "deni".

Uwezo wa mtoto haupimwi kwa kuwa na kazi au kutokuwa nayo. Hupimwa kwa kilichobaki mkononi mwake baada ya kutoa chakula chake na cha wale wanaomtangulia mama, yaani mke wake na mtoto wake mdogo, kwa mchana ule na usiku wake. Kipimo hiki ni kikali, na wengi hawakijui. Kwa kipimo hicho mdogo wako alikuwa na ziada siku ile, na ilimpasa aitoe kwa ajili ya mama badala ya kunyamaza nayo. Ama kilichozidi ziada hiyo hadi kutimia 1,300,000, hakikumwangukia kabisa. Kilikuwa juu yako wewe mwenye nacho, kwa sababu Mwenyezi Mungu amemkalifisha kila mtu kwa kadiri ya wasaa wake (Surat At-Talaq, aya ya 7).

Je, hata ile ziada unaweza kumdai leo? Hapana, kwa kuwa matunzo ya mzazi hulipwa kwa haja ya wakati wake, na wakati ukipita hayageuki kuwa deni, isipokuwa Kadhi awe ameyahukumu au ametoa idhini ya kukopa kwa ajili yake. Jambo hilo mdogo wako ataulizwa na Mola wake, wala si na daftari lako.

Limebaki neno lake, "Lipa kaka, tutaona mbele." Lau angesema "nilipie sehemu yangu" au "nikopeshe", ungekuwa na madai. Lakini hakutaja sehemu yake wala kurudisha, na "tutaona mbele" katika mazungumzo yetu ni neno la mtu anayekwepa kuahidi. Madai ya mali hayajengwi juu ya neno la namna hiyo. Futa mstari ule.

Nakutahadharisha pia na hila moja ambayo nimeulizwa mara nyingi. Yajuzu kumpa ndugu yako fukara zaka yako, kwa sababu kumtunza yeye si wajibu wako. Lakini kumpa kwa sharti kwamba akurudishie kama mchango wa operesheni hakujuzu, na zaka hiyo haihesabiki, kwani umeitoa kwa mkono mmoja ukaipokea kwa mwingine.

Gharama za kuanzia sasa ni hukumu mpya kila zinapotokea. Akiwa ana nguvu ya kufanya vibarua na vibarua vipo, kauli sahihi zaidi katika madhehebu ni kuwa inamlazimu atafute ili amtunze mama, wala asikae akisubiri tena kazi ya hoteli. Tuseme siku ya kliniki ya kubadilisha bandeji inahitajika shilingi 40,000, naye ametoka kubeba mizigo sokoni akiwa na 25,000, na chakula cha nyumbani kwake mchana na usiku ni 9,000. Zinabaki 16,000, na nusu yake ingekuwa 20,000. Atatoa zile 16,000 zote, wewe utatoa 24,000, na 4,000 ulizomzidi usiziandike popote.

Wallahu aalam.