Mfalme akibatizwa, taifa zima lilibadilika kweli?

"Hivi mfalme wa kule Ulaya akibatizwa, watu wake wote walikuwa Wakristo kweli au ni jina tu?"

Walibatizwa kweli, ila kwa wengi imani haikuwa na mizizi. Mtazame Edwin wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza. Alibatizwa York siku ya Pasaka mwaka 627, ndani ya kanisa la mbao lililojengwa haraka kwa ajili hiyo. Baadaye askofu Paulino akakaa siku 36 kwenye makao ya mfalme huko Yeavering, akifundisha na kubatiza watu mtoni Glen kuanzia asubuhi hadi jioni. Sasa jiulize, mkulima aliyeshuka mtoni siku ile alikuwa amefundishwa nini?

Jibu lilionekana mwaka 633. Edwin aliuawa vitani, Paulino akakimbilia Kent pamoja na malkia, na wafalme wawili waliofuata, ambao wote walikuwa wamebatizwa, wakarudia miungu ya zamani. Ilibidi mfalme Oswald, aliyetawala baada yao, amwite mtawa Aidan kutoka kisiwa cha Iona huko Scotland, kazi ianze karibu upya.

Wapo wanaosema kwamba watu walibatizwa kwa upanga tu, lakini hilo linawahusu Wasaksoni wa Ujerumani chini ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki. Edwin alishauriana kwanza na wazee wake.

Habari za Edwin tunazipata kwa mtawa Beda, aliyeandika takriban miaka mia moja baadaye, naye alikuwa upande wa kanisa. Yale mazungumzo ya Edwin na wazee wake barazani yasome kwa tahadhari.