Umelipa LUKU, hela imekatwa, tokeni haijaja: angalia makato ya tokeni inayofuata

Ukinunua umeme kwa simu unatakiwa kupata risiti mbili. Ya kwanza inatoka kwenye mtandao wako wa simu: ina namba ya muamala, na inathibitisha tu kwamba hela imetoka kwako. Ya pili ni ya LUKU yenyewe: ina tokeni ya tarakimu 20, uniti ulizopata na makato. Ya kwanza ikifika na ya pili isifike, kuna mawili. Ama malipo yamekwama njiani na tokeni haijatengenezwa, ama tokeni ipo tayari na ni ujumbe tu uliopotea. Kwako wewe uliyekaa gizani yote ni mamoja, ila ufuatiliaji wake ni tofauti kabisa: la kwanza unadai hela, la pili unadai kusomewa namba.

Mimi nilijua niko upande gani kwa kuangalia kodi ya jengo.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi, hapa Tabata, mita imeshaanza kulia. Nikalipa 10,000, ujumbe wa mtandao ukaja fasta, wa LUKU ukagoma. Kwenye friji kulikuwa na samaki wa Feri, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kungoja. Nikachukua simu ya mke wangu, iliyo mtandao mwingine, nikanunua tena 10,000 kwa mita ileile. Tokeni ikaja papo hapo, uniti 28 na ushee.

Nikaisoma mara mbili. Nyumba ya kawaida kama yetu hukatwa 1,500 ya kodi ya jengo kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu kumi ya kwanza hutupa kama uniti 24 tu. Ile 28 ni ya manunuzi yanayofuata, kodi ikiwa imeshalipwa. Na mwezi ule hatukuwa tumenunua umeme mwingine wowote. Kumbe yale malipo "yaliyopotea" yalishapita LUKU, kodi ikachukuliwa, na tokeni ikatengenezwa.

Ingekuja 24, yaani kodi imekatwa kwenye ile ya pili, ningejua ya kwanza bado haijafika LUKU na ningebanana na mtandao wa simu wanirudishie hela. Kipimo hiki hakikusaidii kama mwezi huo ulishanunua umeme kabla, au kama mita yako ina deni jingine linalokatwa kidogo kidogo. Hapo itabidi uulize tu.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna. Nilipiga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wangu, dada akanijibu lile jibu la siku zote: "Kaka, upande wetu muamala umefanikiwa." Ukikubali jibu hilo unakata simu ukiwa palepale ulipoanzia. Nikamwambia, "Sawa dada, hilo naliona hata kwenye ujumbe. Naomba uniangalizie kama LUKU wameleta majibu, na kama tokeni ipo, nitumie upya." Akanyamaza kidogo, akarudi: majibu yapo. Akanisomea tarakimu nne nne, nami nikamrudishia kila fungu kabla hajaendelea, maana tarakimu moja ikikosewa mita inakataa.

Kama angeshindwa, simu inayofuata ingekuwa TANESCO, 180. Kule namba ya muamala peke yake haitoshi. Uwe na namba ya mita, kiasi, tarehe na saa uliyolipa, kwa sababu wao wanatafuta kwa mita. Wakikuambia hawaoni malipo yoyote kwa saa hiyo, rudi kwa mtandao wako wa simu na jibu hilo ukadai hela yako.

Kama ulilipia kwa wakala au ulimwomba ndugu, anza kwa kuuliza ujumbe ulielekezwa simu gani. Tokeni nyingi "zilizopotea" zimelala kwenye simu ya mtu mwingine. Na kama namba ya mita ilikosewa, tokeni hiyo haitaingia kwako hata ukiipata, kwani imefungwa na mita moja tu.

Watu wengi huogopa kwamba tokeni iliyochelewa itakataliwa kwa kuwa wameshaingiza ya baadaye. Mita huweka kumbukumbu ya tokeni ilizopokea karibuni na kukataa zilizokwisha kutumika; iliyopitwa na moja au mbili tu kwa kawaida huingia. Yangu niliiingiza baada ya ile ya 28, ikakubali, uniti zikaongezeka juu ya zilizokuwepo.

Ukiwa katikati ya kufuatilia, akikupigia mtu wa namba binafsi akidai anakurudishia hela ya LUKU na anahitaji namba yako ya siri, kata simu. Anayerudisha muamala kweli haihitaji.