Tende za mgombea na khutba ya wavuvi

Ramadhani ya 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, mgombea mmoja alituletea tende za futari. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika matangazo ya msikiti wetu hapa Lamu kwenye kundi la WhatsApp. Nikatuma picha ya katoni, jina lake likisomeka, na chini yake: "Mola amjaalie ushindi." Nilidhani ni dua tu. Kabla ya tarawehe picha ilishafika Shela, na kesho yake watu wa mpinzani wake walikuja kudai na wao waombewe. Ami yangu, mmoja wa wazee wa msikiti, akaniambia, "Mwanangu, tende tumekula sote, deni umelibandika mimbarini."

Siku hizi mtoaji hushukuriwa kwa simu. Kundini tunaandika "Tumepokea tende za futari," basi, na picha hatupigi.

Hilo lilikuwa jepesi. Kilichotutoa jasho ni fidia ya wavuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET, walipwe shilingi bilioni 1.76. Kufika 2022, mgombea mmoja alikuwa ameifanya fidia hiyo wimbo wake wa kila mkutano. Khatibu wetu akabaki njia panda: akinyamaza amewaacha wavuvi, akisema amempigia mtu kampeni.

Rasimu yake ya kwanza ilisema, "Tumpe kura anayejali wavuvi." Tukaiandika upya: "Hukumu ilitolewa 2018. Kila anayetaka kura zetu atuambie hadharani mvuvi atapata haki yake lini na kwa njia gani." Kisha nikawasomea khutba nzima binamu zangu wawili, wa kambi mbili tofauti, bila kuwaambia ya nini. Mmoja akatabasamu nilipofika "zamu ya wavuvi." Kumbe maneno hayo yameandikwa kwenye fulana za mgombea wake! Tukayafuta, lakini hukumu na kiasi cha fedha tukaviacha.

Nanyi mnaoandika khutba na matangazo ya misikiti, chungeni pia mafumbo, maana sisi Waswahili tunayapenda mno. "Tusimchague aliyekula mali ya umma" haina jina, ila kama mwenye kesi mahakamani ni mmoja tu, msikiti mzima utageuka kumtazama shemeji yake. Semeni tendo na ofisi: orodha ya waliopewa basari za kaunti ibandikwe ukutani, kila mzazi aisome. Dai hilo atakayeshinda atalikuta mezani, awe nani.

Khatibu mwenyewe ana mgombea wake, tunamjua, na ni haki yake. Tatizo ni kwamba alikuwa akimweka kwenye stetasi ya namba ile ile inayotutumia nyakati za swala. Tulipomwambia hakubisha. Alishuka sokoni akanunua laini ya pili.