Usipange "kudaka" kwenye kundi moja, utaniliza

*"Naandaa msamiati wa kutangaza michezo kwa wanafunzi wangu: mpira wa miguu, netiboli, wavu na mbio za vijiti. Nimeanza na vitendo vya pamoja (kudaka, kupiga, kufunga), halafu majina ya michezo yafuate. Je, maneno mangapi yanatosha, na nawafundishaje kutunza sauti?"*

Mwalimu, weka kalamu chini. Hayo makundi ya "vitendo vya pamoja" nimeyatengeneza kabla yako. Wiki tatu, maneno mia tatu na ushee, nakala nzuri zilizobanwa pini. Yakaniaibisha kwa dakika moja tu.

Kwenye kundi la "kudaka" niliandika: kudaka, kunyaka, kushika. Mtangazaji wangu, binti hodari kwelikweli, akapewa kipaza sauti kwenye mechi ya wavu. Mpira ukavuka, mchezaji wa nyuma akaupokea kwa vigasha vyake vizuri kabisa, na binti akapaaza: "AMEUDAKA!" Sasa, kwenye wavu ukidaka mpira umefanya kosa, mpinzani anapata pointi. Nusu ya uwanja ikamgeukia refa kuuliza mbona hapulizi filimbi. Wapinzani wakaanza kushangilia pointi ambayo haikuwepo. Binti akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu, ambavyo siku ile vilipendeza sana.

Kosa halikuwa lake. Neno hilohilo kwenye mpira wa miguu ni sifa ya kipa akiwa ndani ya eneo lake. Beki akidaka humo, ni penalti. Kwenye netiboli kila mchezaji anadaka, tena ndiyo kazi yenyewe, ila akishadaka ana sekunde 3 tu za kuutoa, na hawezi kukimbia nao. Kwa hiyo "anakokota, anapiga chenga, anaingia nao" ni utangazaji mtamu wa mchezo mwingine. Siku ya pili mwingine aliutumia kwenye netiboli. Ndiyo, kulikuwa na siku ya pili. Mimi ni mgumu kufundishika.

Na aliyeniingiza mkenge? Mtaalamu mmoja wa semina, na tai yake, alituambia "kitendo ni kimoja, mchezo ni mazingira tu." Sidhani amewahi kukaa pembeni ya uwanja jua likimwaka. Nilimpigia makofi. Yarudishwe makofi yangu.

Kanuni yangu ni hii: MCHEZO KWANZA, kitendo ndani yake, na vitendo vifuate safari ya mpira, si alfabeti. Chukua wavu. Timu inaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla haujavuka (bloku haihesabiwi), basi mafungu yako tayari yamejipanga: kuanzisha, kupokea, kuinua, kupiga, kuzuia. Mtoto akifuata mpira kwa macho, neno linalofuata kwenye karatasi ndilo linalofuata uwanjani. Netiboli ina safari nyingine: senta anauanzisha, mwenzake anadaka, anatua, anautoa, na mwisho wanaolenga ni wafungaji, GS au GA peke yao, wakiwa ndani ya nusu duara. Ukikuta kwenye orodha yako "GD anafunga," na GD ni mlinzi, chana ukurasa.

Halafu usiandike "kupokea." Hakuna mtangazaji anayesema kupokea! Andika kama inavyotoka mdomoni: "anaupokea... anauinua... ANAUPIGA... umezuiwa!" Ile *u* ni ya mpira, na mtoto akiwa na haraka ndiyo ya kwanza kumpotea. Kwenye mbio za vijiti inageuka: "anakipokea, kimemponyoka, kimeanguka!" Nilipowapa orodha ya vitenzi vitupu vya kamusi, mmoja alitangaza kijiti kama mpira mbio nzima, "anaupokea, anaupeleka," hadi watu wakawa wanautafuta huo mpira. Goli nalo "limeingia," mpira "umeingia". Andika yote mawili uone watakavyoyachanganya ukiyaacha.

Namna ya kukagua: rekodi kwa simu dakika tano za mazoezi ya mchezo mmoja, kisha mwanafunzi asome orodha yako huku akitazama. Kila anaponyamaza pana neno limekosekana. Kila anapobaki nyuma ya mpira, sentensi yako ni ndefu. Mimi "anauelekeza mpira upande wa kushoto wa uwanja" niliifyeka ikabaki "anaupeleka kushoto," na hata hiyo kwenye wavu bado inachelewa.

Mpira wa miguu utakusumbua kidogo, watoto wanakuja nao kutoka redioni: krosi, kona, kuotea, wanayajua kuliko sisi. Anza na wavu. Na hilo kundi lako la "kudaka" lifute leo, kabla hujapiga nakala.