Maji ya kijivu kuwa ya Nungwi: rangi kwanza, mawimbi baadaye

Sisi huku Mbeya bahari tunaiona mtu akisafiri, na watu wanashuka Dar kwa harusi au msiba kipindi chochote tu hata masika, kwa hiyo picha tunazoletewa Mwanjelwa kuediti zinafanana: mtu kasimama Kigamboni, mawingu yamejaa, maji yana rangi ya sufuria, halafu anakwambia kaka nifanyie yawe kama ya Nungwi.

Wengi wanakimbilia Hue/Saturation kwenye Photoshop, wanavuta Hue huku na huku na hamna cha maana kinachotokea, sababu kijivu hakina rangi ndani yake ya kuzungusha. Wakiongeza Saturation ndo balaa, zinatoka chengachenga za zambarau na kijani. Rangi inabidi uilete wewe kutoka nje.

Ila kabla hujaileta elewa kitu kimoja. Ule uturukizi, yaani ile bluu-kijani ya Nungwi au Paje kule Zanzibar, hautoki juu ya maji, unatoka chini. Maji ni safi, hayana kina, na chini kuna mchanga mweupe wa matumbawe unaorudisha mwanga, na mwanga ukipita kwenye maji wekundu wake unamezwa. Kwa hiyo uturukizi unakaa karibu na ufukwe, ukienda mbali kina kinaongezeka na maji yanakuwa bluu nzito. Ukipaka rangi moja toka miguuni kwa mteja mpaka upeo wa macho, hata bibi yangu kule Tukuyu ataona umepaka.

Mimi nafanya hivi. Nachagua maji peke yake, natengeneza leya ya Solid Color yenye #2BB5B0, naiweka mode ya Color, Opacity kama 60. Juu yake nyingine ya #0F5E7A, nayo Color, halafu kwenye maski yake navuta Gradient ili ionekane huko mbali tu na ipotee taratibu ikija ufukweni. Sasa mode ya Color haigusi mwanga, kijivu cheusi kinabaki cheusi, ndo maana watu wanalalamika imetoka kama maji ya mtaro. Weka Curves ya maji ya karibu tu, nyanyua katikati kidogo, utaona yanafunguka.

Povu lisiguswe, povu la kijani ndo linaloumbua kazi. Kila leya ya rangi ibonyeze mara mbili pembeni ya jina lake, usibonyeze kile kipicha chake maana kitafungua kuchagua rangi, nenda Blend If, kwenye Underlying Layer shika Alt ukagawanye kale kamshale keupe, nusu ya kushoto ipeleke kwenye 170 hivi na nyingine iwe karibu na 220. Povu linarudi jeupe lenyewe bila kuhangaika na brashi. Gauni jeupe na miguu ndani ya maji hivyo futa kwa mkono kwenye maski, brashi laini, usione uvivu.

Mawimbi sasa. Maji ya siku ya mawingu yako bapa, kwa hiyo usianze na kuyapinda, kilichokosekana ni mwanga na kivuli. Fungua dokumenti ndogo, kama 600 kwa 400, ijaze 50% Gray, weka Add Noise yenye Monochromatic, halafu Motion Blur, Angle 0, Distance 30, kisha Gaussian Blur ya 1, na Levels kuongeza tofauti ya weupe na weusi. Unapata vimistari vilivyolala. Nakuambia ndogo kwa sababu ukianzia kwenye ukubwa wa picha yenyewe vimistari vinakuwa vyembamba kama nywele, hii ndogo ukiinyoosha vinanenepa.

Ilete kwenye picha, Ctrl+T, ifunike maji, bonyeza kulia chagua Perspective, pembe za chini zivute nje. Hapo mawimbi ya karibu yanakuwa makubwa na ya mbali yanabanana, ndivyo macho yanavyoona. Mode iwe Soft Light, Opacity 20 mpaka 25, zaidi ya hapo unapata bati la mgongo. Kwenye maski ififishe kuelekea upeo ili ule mstari ubaki umenyooka.

Kama kuna kivuli cha mtu au mtumbwi kwenye maji, hicho nacho lazima kicheze. Ficha rangi na kila kitu, ile leya ya vimistari irudishe kwa muda mode ya Normal na Opacity 100, chini yake weka leya ya 50% Gray, halafu sevu kopi kama .psd yenye ukubwa uleule wa picha, hiyo ndo ramani ya mawimbi. Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kisha kwenye kopi ya leya ya maji weka Displace, Horizontal 0, Vertical 6, na ikikuuliza faili chagua ile ramani. Ramani imetoka kwenye vimistari vilevile, kwa hiyo kivuli kinapinda sawasawa na mawimbi yanavyoonekana.

Anga likiwa zito kabisa mimi nashusha Opacity ya rangi mpaka 35 hivi, maji hayawezi kung'aa jua likiwa halipo. Na mchanga uliolowa uangalie, ukiwa wa kahawia iliyokolea uturukizi utakataa, uutie weupe kidogo pale unapogusana na maji. Picha za Bagamoyo ndo ngumu zaidi, maji yake mara nyingi yana tope la Ruvu na mteja wa Dar anayajua, hizo naishia kwenye kijani-bluu ya upole, nikimwonyesha pamoja na ya uturukizi mkali anachagua ya upole mwenyewe.