Baba anaona watoto, mjomba hajui mwiko: dimensia ni moja?

*Daktari, baba ana miaka 71. Kila jioni anaona watoto wawili wamekaa kwenye kochi. Mjomba ana miaka 56, yeye haoni kitu, lakini anatukana watu msibani, na juzi aliuliza mwiko ni nini. Wote tumeambiwa ni dimensia. Ugonjwa ni mmoja? Baba alipewa haloperidol ya kuondoa maono hayo, sasa amekakamaa.*

Nianze na dawa ya mzee, maana haiwezi kusubiri. Mrudisheni leo kwa daktari aliyeiandika, na boksi la dawa mkononi. Akipata homa kali au akishindwa kumeza, mpelekeni dharura moja kwa moja.

Dalili zake zinaelekea kwenye dimensia ya chembe za Lewy. Humo protini hujikusanya ndani ya seli za ubongo, zikiwemo zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo. Dopamini imeshapungua, halafu haloperidol inaziba njia ya hiyo iliyobaki. Ndiyo maana dozi ndogo tu inaweza kumkakamaza mgonjwa, kumlaza kutwa nzima, hata kumuua.

Maruweruwe ya ugonjwa huu yana sura kamili: watoto, wanyama, mtu amesimama mlangoni, na mara nyingi wamenyamaza. Mwulizeni mama kama mzee alikuwa akipiga mateke na kupiga kelele usingizini. Hilo huweza kutangulia kwa miaka mingi. Angalieni pia kama asubuhi yuko timamu na mchana anaduwaa. Kama watoto wale hawamtishi, hakuna haja ya dawa ya kuwafukuza. Washeni taa kabla ya magharibi na msibishane naye. Mwulizeni daktari kuhusu rivastigmine, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza maono hayo.

Kwa mjomba nashuku dimensia inayokula sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, na maruweruwe si kawaida yake. Kinachoondoka kwanza ni haya na huruma. Wengine huanza kupenda sukari kupita kiasi. Kumbukumbu ya matukio inaweza kuwa nzima bado, kwa hiyo ndugu hudhani ni kiburi au pombe.

Swali lake la mwiko lina uzito. Mpeni mkononi. Akisema "ni ile ya kusongea ugali", jina limempotea lakini maana anayo, na hilo huwapata wazee wengi. Akiugeuzageuza asijue unafanya kazi gani, maana yenyewe inafutika, na hapo nafikiria zaidi ugonjwa huu ninaoushuku kwa mjomba kuliko ule wa baba. Jaribio hili halitoshi kuthibitisha. Anahitaji daktari wa mishipa ya fahamu na picha ya ubongo, MRI ikipatikana.

Dawa wasichangie. Rivastigmine inayoweza kumsaidia baba haimfai mjomba, na inaweza kumzidishia vurugu.